Kijani au Bluu: Mlango wa Mwalimu Erastus

Kufika kwa Mwalimu Erastus Were pale Malinya hakukuwa kazi ngumu, ila tu usiwaulize njia watu wawili. Mwenyewe alikuelekeza utafute mlango wa kijani. Mkewe Awinja alikuelekeza utafute mlango wa bluu. Afisa mmoja wa kilimo, aliyeelekezwa na wote wawili siku moja, mmoja asubuhi sokoni na mwingine mchana kanisani, alipita mbele ya boma hilo akienda na kurudi mpaka mbwa wakamzoea, kisha akarudi zake Kakamega na kuandika kwamba mkulima hakupatikana.

Kisa chenyewe ni cha tangu walipojenga. Erastus alikuwa akifundisha Kiswahili shule ya msingi, na shule ilipopaka tangi lake la maji, alipewa nusu mkebe wa rangi ya kijani iliyobaki. Awinja naye alikuwa katika kamati ya akina mama kanisani, na madirisha ya kanisa yalipokwisha kupakwa, alipewa nusu mkebe wa bluu. Mkebe mmoja haukutosha mlango mzima, basi wakamimina yote kwenye karai, wakakoroga kwa mti, wakapaka. Mlango ukatoka rangi ambayo Malinya haikuwa imeiona, wala haikuwa imeiomba. Erastus alirudi nyuma hatua kadhaa, akafunga mikono, akasema kijani kimetoka vizuri. Awinja akamwambia ni bluu, na kwamba macho anayo. Tangu hapo mpaka watoto wakakua wakaondoka, nyumba hiyo haikukosa cha kuzungumza.

Ni lazima umjue Erastus ndipo uelewe. Huyu alikuwa mtu mwema, mrefu, mwembamba, mwenye suti moja ya kaki na penseli sikioni hata baada ya kustaafu. Alikuwa na udhaifu mmoja tu, kwamba hakuweza kutamka neno "sijui." Mtoto akimuuliza darasani jambo lililomshinda, alimtazama kwa upole na kumwambia, "Swali zuri sana, tutalifikia darasa la saba." Akifundisha darasa la saba, aliwaambia watalipata sekondari. Alistaafu akiwa amewaachia walimu wa sekondari za Ikolomani mzigo mkubwa wa maswali, na hakuna hata mmoja aliyejua yametoka wapi.

Na mlango aliupenda. Kwake kijani hakikuwa kijani tu, kilikuwa mkebe wake, shule yake, na jasho lake la kukoroga. Kila Awinja aliposema bluu, Erastus alisikia kwamba hakuchangia kitu katika nyumba yake mwenyewe. Hakuwahi kujiuliza mwenzake alisikia nini kila yeye aliposema kijani.

Mwaka wa 1994 mlango ukawa umebabuka vibaya, na binti yao Jescah akapata mchumba. Wakwe walikuwa waje kutoka Likuyani baada ya kuvuna mahindi yao, kuleta posa. Wakwe hawapokelewi kwa mlango uliobabuka. Hilo wote wawili walikubaliana, na hilo ndilo jambo la mwisho walilokubaliana. Erastus alitaka mlango upakwe upya rangi yake ileile, yaani kijani. Awinja pia alitaka rangi yake ileile, yaani bluu. Wiki nzima obusuma, yaani ugali, uliliwa kimya kimya.

Katika kimya hicho ndipo alipotumwa kwao mgeni. Aliitwa Jeruto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akiandika tasnifu yake kuhusu jinsi lugha zinavyogawanya rangi. Chifu, asiyejua msichana wa namna hiyo apelekwe wapi, akampeleka kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, amlaze na kumsaidia kupata watu wa kuhoji. Erastus alifurahi mpaka akanyoa ndevu. Awinja akachinja ingokho, yule kuku wa heshima ya mgeni.

Wakiwa mezani, Jeruto akawaeleza kazi yake, na alieleza vizuri. Alisema Kiswahili kina rangi tatu za asili zinazobadilika kufuata jina, nyeusi, nyeupe na nyekundu, ndiyo maana tunasema nguo nyekundu, kitambaa chekundu, maua mekundu. Nyingine zote zimeazimwa kwenye vitu au kwenye lugha za wageni. Kijani kimetoka kwenye jani, manjano ni ile bizari, kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, samawati ni mbingu kwa Kiarabu, na bluu tumeipokea kwa Waingereza. Erastus alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, kama aliyekuwepo siku zilipokuwa zikigawanywa.

Kisha Jeruto akasema jambo lililomfanya Awinja aweke chini kijiko cha mchuzi. Alisema ukitazama upinde wa mvua, hakuna mstari kati ya kijani na bluu. Rangi inateleza tu kutoka huku kwenda kule, na kila lugha inakwenda yenyewe kusimika bikoni zake, kama wapimaji wa mashamba. Ziko lugha nyingi duniani zenye neno moja tu la majani na la anga. Na Warusi wana maneno mawili ya bluu, moja la iliyokolea na moja la iliyopauka, na kwao hizo ni rangi mbili mbali mbali.

"Sasa mwanangu," Awinja aliuliza, "rangi ikiwa pale katikati, nani anasema kweli?"

Jeruto akacheka. Akasema yeye si hakimu. Kazi yake ni kuwaonyesha watu kadi za rangi, mmoja mmoja, na kuandika wanachosema. Wengi wa Malinya wakisema kadi fulani ni bluu, basi kwa Malinya hiyo ni bluu.

Erastus alimtazama Awinja, na Awinja akamtazama Erastus. Msichana wa watu aliendelea kutafuna mguu wa kuku bila habari kwamba ametangaza uchaguzi.

Makubaliano yalifanyika jikoni, Jeruto akiwa anaoga. Miongoni mwa kadi zake kulikuwa na moja ambayo ungedhani imebanduliwa kutoka kwenye mlango wao. Watu wengi wakiiita kijani, Erastus atachagua rangi, na Awinja atawaambia wakwe kwa kinywa chake kwamba mlango wao ni wa kijani na umekuwa hivyo siku zote. Wakiiita bluu, Awinja atachagua, na Erastus ndiye atakayesimama mbele ya wakwe kusema mlango ni wa bluu. Erastus alikubali upesi. Alipolala ndipo alipojiona amesimama mbele ya wazee wa Likuyani, suti yake ya kaki imepigwa pasi, akikana mlango wake, na usingizi ukamruka.

Kazi ilianza kwenye veranda ya kanisa. Erastus alikuwa amependekeza kivuli cha mparachichi, kwa kuwa ni baridi, lakini Jeruto alikataa. Alisema mwanga ukipita kwenye majani huzipaka kadi ukijani. Erastus akasikitika sana kuukosa huo ukijani. Meza ikawekwa verandani, ikatandikwa kitambaa cha kijivu ili rangi nyingine isilaghai macho, na kila mtu akapimwa kwanza kwa kitabu cha vitone, chenye namba zilizofichwa, kuhakikisha macho yake yanatenganisha rangi. Halafu Jeruto alitoa kadi moja baada ya nyingine na kuuliza, "Hii ni rangi gani?" Kadi zilikuwa zimechanganywa tangu chuoni, nyekundu hapa, bluu pale, ila mpangilio huo huo ulifuatwa kwa kila mtu.

Hapo ndipo alipokosea, maskini, maana hakuwajua watu wa huku. Mtu wa Kakamega hajawahi kuulizwa maswali mezani, mmoja mmoja, na msichana mwenye kalamu, bila huo kuwa mtihani. Na mtihani unahitaji masomo ya ziada.

Erastus aliketi kando ya meza kama msaidizi, na kufikia mtu wa tatu alikuwa ameshika mpangilio wote kichwani. Jioni hiyo aliwakusanya wanaume nyuma ya kinu cha mahindi cha Isaiah Osiako, mwenye fahali jeusi lililokuwa likitisha uwanja mzima kwenye mapigano ya mafahali. Aliwafundisha kama alivyofundisha maisha yake yote. Kadi ya kwanza, kijani kibichi. Ya pili, nyeusi. Ya tatu, nyekundu. Na zile zote za katikati, zinazomfanya mtu asite, ni kijani, kijani, kijani. Isaiah aliuliza kama mtu anaweza kusema chanikiwiti, neno alilolisikia kwa Waislamu wa Mumias. Erastus alimwambia hilo pia ni kijani, na kwamba litampatia alama zaidi.

Awinja hakubaki nyuma. Yeye ndiye aliyepeleka chai verandani, na chai aliipeleka mara nyingi kuliko ilivyonyweka. Akina mama wa kanisa aliwakusanya kwa Musimbi, kiongozi wa kwaya, na kwa kuwa baadhi yao hawakwenda shule kuzoea kukariri, Musimbi akatunga wimbo. Majibu yote yakaingia kwenye wimbo, ubeti kwa ubeti, na kiitikio kilikuwa bluu, bluu, bluu.

Jeruto alianza kuona mambo. Wanaume wa Malinya walijibu upesi ajabu, wakati mwingine kabla kadi haijageuzwa vizuri, na bikoni ya kijani chao ilikuwa mbali sana, karibu na anga yenyewe. Wanawake walijibu polepole. Kila mmoja alifumba macho, akavuma kidogo puani, kisha akafumbua macho na kusema bluu kwa vitu ambavyo ng'ombe angevila. Mji mmoja, lugha moja, nyumba zilezile, na mpaka wa rangi uliopita katikati ya kitanda. Jambo hilo halikuwa limeandikwa popote. Akaandika kwamba wanawake wa Malinya wana desturi ya kuvumisha sauti kabla ya kutaja rangi. Akapanda gari mpaka posta ya Kakamega mjini, akampigia simu msimamizi wake Nairobi, na msimamizi akasema atakuja mwenyewe Ijumaa kuona maajabu hayo.

Usiku huo Jeruto alikula kwa furaha na kumshukuru Erastus kwa kumletea watu wazuri kiasi hicho. Erastus alisema si kitu. Alimpenda msichana huyo, aliyekuwa akimwamkia "shikamoo Mwalimu" kila asubuhi bila kutegea, na kwa mara ya kwanza alipata wazo kwamba pengine hapa kulikuwa na kitu kinachoharibika. Lakini hesabu ya kichwani ilimwonyesha kwamba Awinja anamshinda kwa watu wawili, na Isaiah alikuwa bado hajahojiwa. Akamwongezea msichana mchuzi.

Isaiah alikuja Jumatano, amevaa koti la Krismasi. Alipimwa vitone, akapita. Jeruto alipogeuka kuchukua kalamu, jogoo mmoja wa kanisa, aliyekuwa akizunguka akitafuta makombo ya chai ya Awinja, akaruka juu ya meza. Kadi zote zikamwagika sakafuni. Zikaokotwa, zikapanguswa, zikarudishwa kwenye kisanduku ovyo ovyo. Jeruto alisema haidhuru, kwa kuwa kila kadi ina namba yake nyuma.

Erastus alitaka kusema jambo. Mpangilio aliowafundisha watu ulikuwa umemwagika pamoja na kadi.

Jeruto alitoa kadi ya kwanza. Ilikuwa nyekundu ya nyanya iliyoiva. Isaiah alikohoa, akaketi wima, na kusema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "Kijani kibichi."

Jeruto alimtazama, kisha akaandika. Ya pili ilikuwa manjano. Isaiah akasema nyeusi. Ya tatu ilikuwa bluu kama anga isiyo na wingu, na Isaiah akasema nyekundu, akaongeza kwa hiari yake, "Kama damu ya ng'ombe." Jeruto akaweka kalamu chini, akamfungulia tena kitabu cha vitone. Isaiah akasoma namba zote bila kukosa. Jeruto akamrudishia ile kadi ya kwanza.

"Baba, hebu tazama tena. Wewe unaona langi gani?" Kukaa Malinya kulikuwa kumeshamharibu ulimi.

"Mimi naona nyekundu," Isaiah alijibu, akishangaa swali lenyewe. "Lakini jibu ni kijani kibichi. Mwalimu huyu hapa hafundishangi vibaya."

Musimbi, aliyekuwa akingoja zamu yake nje kwenye benchi, na ambaye hakusikia lililosemwa, alikuwa akirudia wimbo wake wote polepole kutoka mwanzo, kwa sauti nzuri ya kwanza. Alipofika kwenye kiitikio, Jeruto alikuwa ameshaelewa kila kitu, na desturi ya kuvumisha sauti ikakatwa kwa mstari mmoja.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alikusanya kadi zake moja moja, akafunga kisanduku, ndipo akamgeukia Erastus.

"Mwalimu, nilikuja kusikia watu," alisema. "Nimekaa hapa siku zote hizi nikisikiliza watu wawili tu."

Kisha akaondoka kwenda Kakamega kumpigia simu msimamizi wake asije. Erastus alibaki ameketi na penseli yake sikioni. Aliona haya. Hakuwahi kuona haya kama hayo tangu siku mkaguzi wa shule alipomkuta amesinzia chini ya ubao. Isaiah alimwuliza kama amepita mtihani, naye akamwambia amepita vizuri sana, aende nyumbani.

Jioni Jeruto alirudi na macho mekundu, akawaambia kwamba kesho anaenda Butere kuanza upya, ambako hakuna anayemjua Mwalimu wala mlango wake. Na ataenda akichanganya kadi kila mara. Erastus aliomba radhi, kwa Kiswahili kirefu chenye viambishi vyote. Awinja aliomba kwa kifupi. Kisha akasema jambo ambalo Erastus hakulitarajia.

"Lakini sisi wawili bado hatujaulizwa," Awinja alisema. "Wewe ulikuwa ukimsaidia mezani, mimi nikipika. Hakuna aliyetufundisha sisi."

Jeruto alitaka kukataa, na alikuwa na haki. Lakini hata mtafiti aliyeumia ni mtafiti. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila mmoja atakaa peke yake, na kusema neno la kwanza linalomjia, lisilo la mume wala la mke.

Asubuhi Awinja alianza. Erastus alitumwa mpaka ng'ambo ya shamba la miwa, mahali ambapo hata sauti ya kengele ya kanisa haifiki vizuri, na hapo alizunguka kama fahali linalongoja kufunguliwa. Alijua atakachosema Awinja. Bluu, bluu, bluu. Kisha wakwe watakuja. Alijaribu kufanya mazoezi ya maneno ya kuukana mlango, akayaanza upya mara tatu.

Zamu yake ilipofika, aliketi upande wa meza ambao hakuwahi kuketi. Alishangaa kuona kadi zinavyotisha ukiwa huku. Nyekundu ilipita, kijivu ikapita, kahawia ikapita. Majani ya mgomba, kijani. Anga, bluu, au samawati ukitaka alama zaidi. Halafu Jeruto akaweka juu ya kitambaa cha kijivu ile kadi yenyewe.

Erastus aliinama. Kwa miaka yote hiyo hakuwa ameitazama rangi ile. Alikuwa akiitetea, na kutetea si kutazama. Sasa, bila mlango, bila mkebe na bila Awinja, palikuwa na kipande kidogo tu cha rangi. Alikitazama, kikawa kijani. Akakitazama tena, kikamgeukia, kikawa na ubluu ndani yake usioweza kuondolewa hata kwa kisu. Aliweka kidole kando yake. Alingoja kile kijani cha zamani kije kimwokoe, hakikuja. Alimfikiria msichana huyu aliyefika hapa kwa nia njema, akaona amemdanganya vya kutosha.

"Sijui," alisema.

Neno lenyewe lilimtoka kama jino. Jeruto aliinua macho. Hakumhimiza wala hakumsaidia. Akaandika herufi chache tu.

"Hilo nalo ni jibu?" Erastus aliuliza kwa wasiwasi.

"Ni jibu, Mwalimu. Ndilo la kwanza la kweli nimepata kwa wanaume wa Malinya."

Baadaye akamwekea kadi zote mezani mara moja, zimepangwa kutoka kijani hadi bluu, akamwambia aonyeshe kijani kile ambacho ni kijani kuliko vyote, kisha bluu iliyo bluu kuliko zote. Hapa Erastus hakusita. Alionyesha, akaonyesha tena, akaomba maji ya kunywa.

Awinja aliitwa, wakaketi wote wawili kwenye benchi kama watoto wanaongoja ripoti. Jeruto aliwaambia kwamba jambo la kwanza halikumshangaza, kwa kuwa wenzake wengine wameliona kwa watu wa lugha nyingi. Kijani halisi, wote wawili walionyesha kadi moja. Bluu halisi, wote wawili walionyesha kadi moja. Pale penye moyo wa rangi hawakuwa na ugomvi hata kidogo. Walichogombania maisha yao yote ni mpaka, na mpaka hakuna aliyeusimika.

"Na ile kadi ya mlango?" Erastus aliuliza.

"Wewe ulisema hujui."

Awinja alimgeukia mumewe polepole. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka wamekutana wapi.

"Basi ameshinda," Erastus alisema. "Kama mimi sikusema kijani na yeye amesema bluu, ameshinda. Nitawaambia wakwe."

"Hakusema bluu," Jeruto alisema. Alishuka na kidole kwenye karatasi yake ili asikosee neno. "Mama alisema, rangi ya mlango wetu."

Hakukuwa na kosa lolote katika jibu hilo, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mwalimu wa Kiswahili. Ndivyo lugha yenyewe ilivyopata kijani kutoka kwenye jani na kijivu kutoka kwenye majivu. Lakini Erastus hakuwa akifikiria lugha. Alikuwa amekwama kwenye neno la mwisho. Alikuwa amesema mlango wangu, nyumba yangu, kijani changu, mpaka akadhani mwenzake naye anasema wake. Macho yalimlowa, akasingizia vumbi, na hapakuwa na vumbi, mvua ilinyesha usiku.

"Ungesema tu bluu," alimwambia mkewe.

"Sikufundishwa na mtu, Baba Jescah. Nilisema nilichoona."

Jeruto akaenda Butere, na huko, tulivyosikia, mambo yalimwendea vizuri, ingawa kwa miezi kadhaa hakuweza kumsikia mwanamke akiimba kanisani bila kushtuka. Erastus naye alibandua kipande cha rangi mlangoni, akakifunga kwenye leso, akaenda nacho mjini Kakamega kwa Cleophas, muuza vifaa vya ujenzi. Cleophas alikigeuza geuza mwangani, akauliza wanataka kijani au bluu, maana yeye hapo anaona vyote na haoni chochote. Erastus akasema ampe mkebe mmoja wa hiki na mmoja wa hiki.

Wakwe walikuwa waje Jumamosi. Alhamisi, Erastus alimimina kijani chake kwenye karai, akakoroga kidogo, kisha akamkabidhi Awinja mkebe wa bluu, akamwambia amimine mwenyewe mpaka atosheke. Awinja alimimina kidogo, akamtazama. Erastus akashikilia karai lisiyumbe. Awinja akamimina tena, na tena, mpaka mkebe ukaisha, akaukung'uta kwenye ukingo wa karai.

Mlango ukatoka bluu. Hakukuwa na utafiti wa kufanya hapo, hata jogoo wa kanisa angekwambia. Erastus aliuona, akaona na furaha iliyokuwa usoni mwa mkewe, akachukua brashi na kuendelea kupaka.